Faiba ya Nyumbani au Bando? Mwongozo kwa Anayewafanyia Kazi Wateja wa Nje Akiwa Arusha au Moshi

Mtu anayefanya kazi za kujitegemea kwa njia ya mtandao, iwe ni kutafsiri, kunukuu mahojiano, kutunza hesabu au kuhariri video, kwa kawaida huanza swali hili kwenye bei: kwa mwezi, bando zitanigharimu kiasi gani na faiba kiasi gani? Bei ina nafasi yake, lakini kwa sisi wa huku inakuja baada ya saa. Mteja aliyeko New York anapokuita saa 7 mchana kwake katika miezi yake ya kiangazi, kwako ni saa 2 usiku, na saa 2 usiku ndiyo saa ambayo mtaa mzima umerudi nyumbani, umekula, na umeshika simu. Kwa hiyo unafanya mkutano wako mnara wa simu ukiwa umelemewa kuliko saa nyingine yoyote. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo, na nitaueleza kwa kufuata kisa cha dada mmoja wa Pasua, Moshi, anayenukuu mahojiano ya sauti kuwa maandishi, ambaye aliniomba tukae naye tupige hesabu kabla hajasaini mkataba wa faiba.

Hatua ya kwanza: pima matumizi yako kwa siku 7

Usikisie. Watu wengi wanaotumia bando wanajua wamenunua GB ngapi, ila hawajui zilikwenda wapi. Kwenye kompyuta yenye Windows 11, fungua `Settings > Network & internet > Advanced network settings > Data usage`, na utaona kila programu na kiasi ilichotumia. Andika jumla kila usiku kabla ya kulala, kwa wiki moja ambayo ni ya kawaida kwako, si wiki ya sikukuu wala wiki isiyo na kazi.

Wakati huohuo fanya hesabu ya upande wa pili, yaani kazi yako inahitaji kiasi gani kwa haki. Kanuni moja inatosha: mkondo wa 1 Mbps ukienda kwa saa nzima unakula MB 450. Faili ya sauti ya kawaida ya 128 kbps, kwa kanuni hiyo, ni kama MB 58 kwa saa. Mkutano wa Zoom wa watu wawili wenye picha nzuri ya kawaida unatumia takribani 600 kbps kwenda na 600 kbps kurudi, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu bando linahesabu unachopokea na unachotuma. Saa moja ya mkutano huo ni MB 540, si 270. Ukiruhusu picha ya 720p, inakaribia mara mbili ya hapo.

Kwa dada wa Pasua, saa 10 za sauti kwa wiki zilikuwa GB 0.6, mikutano ya saa 4 ilikuwa GB 2.2, na barua pepe pamoja na kupekua kurasa ilikuwa GB 1.7. Jumla ya kazi ni GB 4.5. Kipimo cha kompyuta kilisema GB 13.

Hatua ya pili: ziba panapovuja kabla ya kulinganisha bei

Zile GB 8.5 za ziada zilikuwa na maelezo. GB 3 zilikuwa video za kupumzikia, ambazo ni haki yake. GB 4 zilikuwa masasisho ya Windows, na GB 1.5 zilikuwa picha zilizokuwa zikipandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kujua. Chanzo cha hizo mbili za mwisho ni kimoja. Kompyuta inapounganishwa na simu kwa njia ya hotspoti, inaona waifai tu. Haijui kwamba nyuma ya hiyo waifai kuna bando la kupimwa, basi inajihudumia kama iliyo kwenye ofisi yenye intaneti isiyo na kikomo.

Dawa yake ni kuiambia. Fungua `Settings > Network & internet > Wi-Fi`, ingia kwenye sifa za mtandao wa simu yako, kisha washa `Metered connection`. Masasisho mengi makubwa yatasimama na OneDrive itasitisha kupandisha faili. Programu nyingine za kuhifadhi hazitii amri hiyo, kwa hiyo fungua kila moja na uisimamishe kwa mkono saa za kazi. Usiyazime masasisho moja kwa moja kwa miezi, maana kompyuta inayobeba faili za wateja inayahitaji. Chagua siku moja kwa mwezi uyashushe, hata kama ni kwa rafiki mwenye faiba.

Wiki iliyofuata matumizi yake yalishuka hadi GB 7.5.

Hatua ya tatu: hesabu ya bei

Bei za vifurushi hubadilika, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu, nawe weka zako. Tuseme kifurushi cha wiki cha GB 8 ni shilingi 12,000. Akitumia GB 7.5 na nusu ya mwisho ikaisha muda wake, bei halisi ya GB moja si 1,500 bali ni 1,600. Hiyo ndiyo bei ya kulinganishia, yaani ulicholipa kugawanywa kwa ulichotumia kweli.

Mwezi una wiki 4.3. Kabla ya kuziba, GB 13 kwa wiki, ambazo ziliisha zote kabla ya muda wake na hivyo ni 1,500 kila moja, zilimgharimu kama shilingi 83,850 kwa mwezi, na baada ya kuziba, kifurushi kimoja kwa wiki ni 51,600. Upande wa faiba, tuseme ada ya mwezi ni 65,000 na ufungaji ni 96,000. Ufungaji ugawe kwa miezi 12, unapata 8,000, halafu ongeza bando la dharura la 10,000, maana faiba bila akiba si mpango wa kazi. Jumla ni 83,000.

Tazama jinsi namba zilivyogeuka. Kwa matumizi yaliyovuja, bando na faiba zilikuwa sawa, na mtu yeyote angesema bora faiba. Baada ya kuziba, faiba ilimzidi bando kwa shilingi 31,400 kila mwezi. Kwa kazi ya maandishi na sauti, hali huwa hivyo mara nyingi. Kwa anayepandisha video za GB 5 au 10 kwa mteja, hesabu haichukui hata dakika moja. Aende faiba na aruke moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Swali linalobaki kwa dada huyu ni kama kuna kitu kinachostahili kulipiwa hizo 31,400. Jibu halipatikani kwenye karatasi.

Hatua ya nne: pima mtandao saa ambayo mteja atakuita

Kipimo cha kasi ambacho watu wengi hufanya, kile cha kubonyeza kitufe na kusoma Mbps, hakitoshi. Kinaonyesha wingi wa maji kwenye bomba kwa sekunde chache. Mkutano hauhitaji maji mengi, unahitaji yasikatike. Kinachoharibu sauti ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopotea njiani na zile zinazochelewa, hasa wakati kompyuta yako yenyewe inatuma faili.

Fungua dirisha la amri la Windows, yaani `Command Prompt`, na anza na hii:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari wa `Default Gateway`. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako, au ya simu yako kama unatumia hotspoti. Tuseme ni 192.168.1.1. Kisha andika:

```
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 200 1.1.1.1
```

Amri ya kwanza inapima njia ya ndani ya nyumba, kutoka kompyuta hadi ruta. Majibu yanapaswa kurudi ndani ya milisekunde chache, bila hata moja kupotea. Yakipotea hapo, tatizo ni waifai yako: ruta iko chumba cha tatu, ukuta ni wa tofali nene, au waifai za majirani zinagombania hewa. Nimeona mtu akibadilisha kampuni mara mbili kwa kosa ambalo waya wa mtandao wa mita 10 ungelimaliza.

Amri ya pili inapima njia ya kutoka nje, na inachukua dakika tatu na ushee. Ifanye mara mbili: kwanza kompyuta ikiwa imetulia, halafu huku ukipandisha faili kubwa. Mwishoni soma mambo mawili, yaani `Lost` na `Maximum`. Upotevu ukizidi 2 kwa 100, maneno ya mteja huanza kukatika. Ucheleweshaji wa kwenda na kurudi ukipita milisekunde 300, mnaanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza kusema. Na kumbuka kwamba mteja wa Marekani yuko mbali zaidi kuliko mashine uliyoipigia, hivyo umbali huo utaongezeka juu yake.

Kisha rudia saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 2 usiku, kwa siku tatu, moja ikiwa ya mwisho wa juma. Dada wa Pasua alipata hivi: asubuhi zilipotea 0 kati ya 200 na kilele kilikuwa milisekunde 140. Saa 2 usiku zilipotea 13 kati ya 200, na alipopandisha faili kilele kilifika 1,900, karibu sekunde mbili nzima. Alikuwa amelalamika kwamba wateja wake "hawana subira". Kumbe walikuwa wanamsikia vipande vipande.

Kabla ya kuhukumu bando zote, jaribu laini ya kampuni nyingine kwa kifurushi cha siku moja, na jaribu simu ikiwa dirishani. Kwenye simu nyingi za Android, ukipiga `*#*#4636#*#*` unafungua ukurasa wa taarifa za simu unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwa 4G, namba iliyo kati ya -80 na -95 ni nzuri. Ikishuka chini ya -110, simu inahangaika. Kuna jambo moja la kuelewa hapa: mawimbi yakiwa mazuri na pakiti bado zinapotea usiku tu, basi mnara umejaa, na hakuna dirisha wala antena itakayokusaidia. Mawimbi yakiwa mabaya saa zote, tatizo ni mahali, na kusogea mita chache kunaweza kulitatua. Sehemu za mabonde na migongo kama zilivyo Arusha, na miteremko ya kupanda juu kutoka Moshi mjini, nyumba mbili zinazoonana zinaweza kupishana sana katika hili.

Laini ya pili ilimpa upotevu wa 3 kati ya 200 usiku, ambao ungevumilika, lakini kila alipotuma faili kilele kilipita 700. Kama mikutano yake ingekuwa asubuhi na wateja wa Ulaya, ningemwambia abaki na bando na atunze 31,400 zake. Wake ni wa usiku.

Hatua ya tano: hakikisha "ya nyumbani" ni ipi

Hapa niseme langu. Miaka michache iliyopita, nikiwa Sakina, Arusha, niliuziwa "intaneti ya nyumbani" na kampuni ambayo sitaitaja. Fundi alikuja na boksi jeupe, akalichomeka ukutani, akaondoka ndani ya dakika kumi. Nilipoligeuza nikakuta mlango wa laini ya simu. Nilikuwa nimehama kutoka mnara ule ule kwenda mnara ule ule, nikiwa na mkataba wa mwaka mzima juu yake.

Huduma zinazoitwa za nyumbani ziko za aina tatu. Ya kwanza ni faiba, waya wa kioo unaoingia hadi ndani. Ya pili ni antena ya paani inayoelekezwa kwenye kituo cha mtoa huduma. Ya tatu ni ruta ya laini, ambayo ni bando lenye umbo jingine, na ipimwe kwa hatua ya nne kama bando. Muulize muuzaji swali moja tu: je, kuna waya unaoingia ndani ya nyumba yangu, na unatoka nguzo ipi?

Dada alipomuuliza fundi swali hilo, jibu lilikuwa la kweli. "Dada, nguzo ipo hapo mbele ya duka, waya unafika. Lakini mwenye nyumba anajua kwamba tutatoboa ukuta?" Mwenye nyumba alikuwa hajui. Kwa mpangaji hili ni la kumalizwa kabla ya kulipa ada ya ufungaji, kwa maandishi, pamoja na suala la utakapohama: waya haubebeki, na si kila mtaa unaohamia una nguzo. Kama kodi yako ya miezi 6 inakaribia kwisha na huna hakika ya kuendelea kukaa, igawe ada ya ufungaji kwa miezi uliyobakiza, si kwa 12, na uone hesabu inavyobadilika.

Uliza pia kasi ya kupandisha, kwa sababu tangazo hutaja ile ya kushusha. Kama baada ya kiasi fulani cha GB kasi inapunguzwa. Na waya ukikatika, fundi huja baada ya siku ngapi. Swali la mwisho usimuulize muuzaji. Muulize jirani mwenye huduma hiyo hiyo, na mwombe akuruhusu upige ile `ping` kwake saa 2 usiku. Dada alifanya hivyo kwa mama mwenye duka: 0 kati ya 200, kilele 95 bila kutuma na 310 wakati wa kutuma. Akasaini.

Hiyo 310 inatibika. Ruta inapotuma faili kubwa, foleni hujaa na sauti yako inasubiri nyuma yake. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya kuhifadhi na uwekee kupandisha kikomo cha nusu ya kasi uliyonayo.

Hatua ya sita: umeme

Simu ina betri yake, ruta haina. Ukihamia faiba, umeme wa TANESCO ukikatika kwa sekunde moja tu ruta inazima, na kuwaka tena huchukua dakika kadhaa ambazo mteja anakusubiri. Jambo jema ni kwamba kati ya kituo na nyumba, faiba kwa kawaida hupita kwenye vigawanyio visivyohitaji umeme, kwa hiyo mtaa wako ukiwa gizani waya wenyewe bado ni mzima. Unachotakiwa kuwasha ni vifaa vya ndani tu. Antena ya paani si hivyo. Kituo cha kati kikikosa umeme, nawe umekosa.

Nunua yu-pi-es ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba ya kuwashia ruta. Usisome mAh kwenye boksi, soma Wh. Ile ya mAh 10,000 kwa betri za volti 3.7 ni Wh 37, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti zinabaki kama 30. Modemu na ruta zikitumia wati 12 kwa pamoja, unapata saa mbili na nusu. Angalia kwamba volti na pini vinalingana na chaja ya ruta yako kabla ya kuchomeka. Volti 12 kwenye kifaa cha volti 9 ni njia ya haraka ya kukiunguza.

Jifunze taa za modemu pia. `PON` ikiwa kijani bila kumeta, waya ni mzima. `LOS` ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa sana mahali fulani. Kuzima na kuwasha hakutasaidia. Piga simu kwa mtoa huduma na umwambie neno hilo, utaokoa nusu saa ya kuambiwa uizime na kuiwasha.

Hatua ya saba: akiba, na mazoezi yake

Laini ya akiba iwe ya kampuni tofauti na ile iliyokufungia faiba, na iwe na kifurushi kilicho hai, si fedha tu kwenye simu. Iweke hotspoti ya simu kwenye kompyuta mapema, ikiwa tayari imewekewa `Metered connection`, ili siku unapohama ghafla masasisho yasikumalizie GB zako katikati ya mkutano.

Akiba hii inakulinda dhidi ya waya kukatwa na katapila la barabara au ruta kuungua. Haikulindi dhidi ya kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mitandao mingi nchini, ya simu na ya waya, ilidorora kwa pamoja, kwa sababu yote hupita kwenye njia chache za kutoka. Kwa siku kama hiyo kilichobaki ni ujumbe mfupi wa maandishi kwa mteja, na kwa hiyo namba yake ya simu iwe imeandikwa mahali usipohitaji intaneti kuifungua.

Mwisho, fanya jaribio. Mpigie rafiki kwa video saa 2 usiku, kisha chomoa waya wa faiba ukiwa katikati ya sentensi. Hesabu sekunde hadi akusikie tena kupitia simu. Dada wa Pasua mara ya kwanza alitumia dakika nne, kwa sababu nywila ya hotspoti ilikuwa kwenye simu iliyokuwa kwenye chaja chumba kingine. Mara ya tatu alitumia sekunde 40.